Begani kwa Marehemu

Katika duka la kuchapa, wateja walimwita Mama Herufi. Alianza kazi na mashine za kupiga chapa kwa nguvu ya vidole. Kompyuta zilipoingia alizikaribisha kama mtu anayekaribisha mkwe: kwa adabu, jicho likiwa wazi. Kinyaa alizaliwa nacho. Karatasi yenye alama ya kidole cha mafuta aliishika kwa ncha za kucha, na mteja aliyelamba kidole ili kufunua kurasa alipewa sifongo yenye maji bila kuambiwa neno.

Asubuhi hiyo alikuja mwanamume mwenye suti nyeusi, akijichokoa meno kwa kijiti. Alitaka kijitabu cha mazishi ya kaka yake, mwalimu. Picha aliyoleta ilikuwa ya watu wawili: marehemu akicheka, na mkewe kasimama kando yake, mkono begani kwake.

"Huyu mwanamke mtoe," alisema. "Abaki kaka peke yake."

"Si mjane wake, baba?"

"Mjane, mjane! Hakumzalia kitu. Kwenye wasifu pia hayumo. Wewe chapa, mama."

Mama Herufi aliingiza picha kwenye ukurasa, upande wa kushoto, akabonyeza mahali pa kuondoa mandharinyuma. Rangi ya zambarau ikafunika kila kilichohukumiwa kuondoka: ukuta, pazia, uso wa mjane, gauni lake. Lakini kompyuta hukisia tu. Kilichogusana na marehemu ikakihesabu kuwa chake, na mkono wa mjane ukabaki begani, umekatwa kwenye kifundo.

"Toa na hilo dude," mwanamume alisema, akatema kijiti chake sakafuni.

Mama Herufi alikitazama kijiti. Akachukua alama ya kuondoa, akapitisha mstari juu ya vidole. Mkono ukaenda, ukaenda na kipande cha bega. Alijaribu alama ya kubakiza. Bega likarudi na vidole viwili. Akaviondoa tena. Bega likabaki na pengo, kama mkate uliong'atwa.

"Basi, nzuri hiyo. Mbona pembeni ni peupe?"

Maandishi yalikuwa yamepangwa kuizunguka picha kimraba, kwa hiyo yalisimama mbali, yakiheshimu fremu ya zamani ambayo macho hayakuiona tena. Alibadilisha, akachagua mpangilio wa kubana. Mistari ikasogea, ikafuata sikio la marehemu, ikateremka shingoni, na ilipofika kwenye pengo ikaingia. Maneno "alipendwa na wote" yakajichomeka ndani ya bega la maiti kama funza.

Mwanamume akacheka. "Umeona? Hata pengo halionekani. Mjane mwenyewe atapita kuchukua nakala. Nimemwambia ni kazi yake."

Akaondoka. Mama Herufi alifagia kijiti, akanawa mikono, akanawa tena.

Mjane alipoingia aliketi bila kuambiwa. Mama Herufi angeweza kumkabidhi karatasi na kumwacha akajionee mbele za watu. Badala yake akaigeuza kompyuta kumwelekea.

"Dada, tazama kabla sijachapa."

Mjane akatazama. "Nani amemuuma mume wangu?"

"Shemeji yako. Mkono ulioshika bega ni mimi niliyeuondoa. Nisamehe."

"Na mimi nimetupwa wapi?"

"Hujatupwa. Kompyuta imekuficha tu. Picha nzima imo humu humu. Naweza kurudisha mkono wako, maneno yauzunguke vizuri."

Mjane akapangusa pua kwa ncha ya khanga. "Mkono? Nimemuuguza miaka, nikamsafisha, nikamlisha. Mimi si mkono, dada. Nirudishe mzima."

Mama Herufi akaifungua tena sehemu ile ile, akatupa mabadiliko yote. Pazia likarudi, ukuta, gauni, uso. Akarudisha mpangilio wa mraba, na maandishi yakarudi nyuma kwa adabu, yakasimama nje ya fremu ya watu wawili. Kwa kuwa picha sasa ilichukua nafasi zaidi, wasifu ukasukumwa chini, na aya ya mwisho ikadondokea ukurasa mwingine.

"Nafasi haitoshi," Mama Herufi alisema. "Lazima tupunguze pahali, na iandikwe pia kwamba ameacha mke."

"Hiyo ya mwisho inasema nini?"

Mama Herufi akasoma: "Shukrani za pekee kwa mdogo wa marehemu, nguzo na fahari ya ukoo."

Wakatazamana. Mjane alikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Nguzo gani hiyo! Futa."

Aliifuta, akaandika mstari wa mjane mahali pake, akachapa. Simu ikaanza kulia mezani, namba ya mwenye suti. Mama Herufi aliisukuma pembeni kwa ncha ya kucha, akaendelea kupanga kurasa.