Rwamba Alipocheka

Kustaafu kulimwacha Mwalimu Ntinyari hana cha kusahihisha. Nyumbani kwake Manyatta alikuwa akisahihisha hata matangazo ya mazishi gazetini. Ndipo akakutana na Zuleka, muuza vitambaa wa Embu mjini, kwenye kikundi cha wasomaji cha maktaba, wakakubaliana kuandika hadithi moja, aya kwa aya, kwa simu. Ntinyari alishukuru jambo hilo kila asubuhi, kabla hata ya chai.

Masharti waliyaweka kwanza. Kila mtu aya moja, kisha amwachie mwenzake. Asiue mhusika bila kuuliza. Na asiguse aya ya mwenzake: isipomkalia vizuri, aijibu kwa aya yake mwenyewe.

Hadithi ilimhusu Rwamba, mke wa dereva wa gari la kusafirisha muguka, yale majani ya kutafuna. Kumuua huyo dereva waliafikiana. Zuleka akaandika jinsi majirani walivyomletea Rwamba habari, naye akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ntinyari alikunja uso. Mjane gani huyo? Yeye ndiye aliyekuwa akiandika nakala safi ya hadithi, ya kusomwa Jumamosi maktabani, na mkono wa mwalimu haustaafu. Akafuta kicheko, akaweka kilio. Akamtumia Zuleka, akijiona amemfaa.

Simu ikalia papo hapo; alikuwa Zuleka.

"Mwalimu, si tuliagree? Hii paragraph ni yangu."

"Nimeirekebisha tu, Mama Abdulatif. Mtu hacheki akifiwa."

"Mimi nilicheka. Walipokuja kuniambia Baba Abdulatif amekufa, nilicheka. Sasa kama umefuta hiyo, endelea pekee yako."

Simu ikakatika. Aibu ikamjaa Ntinyari mpaka masikioni. Alimwogopa Mungu, na sasa aliuogopa pia ukimya wa mama huyo. Bila Zuleka hakuna hadithi, wala hakuna wa kumngojea asubuhi.

Akarudisha kila neno lilivyokuwa. Kisha, kwa kuwa zamu ilikuwa yake, akakaa na kile kicheko asichokielewa. Kukieleza hakuweza. Akaandika kwamba hakuna jirani aliyemuuliza Rwamba anacheka nini. Walitandika mkeka, wakaketi naye, mmoja akamshika miguu, wakangoja. Kicheko kilipogeuka kilio walikuwa bado wapo, na uji ulikuwa umeshaiva.

Akaituma, akaongeza neno moja tu: pole.

Mchana kutwa alipalilia maharagwe, akapalilia hata pasipokuwa na magugu. Jua likielekea kuzama, simu ikatoa mlio.

"Asante, Mwalimu," Zuleka aliandika. "Siku ile yangu wote walitoka nje. Walisema nimepagawa. Leo ndio mara ya kwanza mtu amekaa na mimi."

Chini yake kulikuwa na aya mpya. Rwamba alikuwa anakunywa uji.