Suti ya Jasho ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani mmoja, mwanamke mcheshi mwenye mwili wake, aliingia jimu na suti ya nailoni, tumboni kajifunga mkanda wa kupunguza kiuno. Alikanyaga baiskeli hadi jasho likamtiririka kama bomba lililopasuka. Alipopanda mizani akapiga kigelegele, maana kilo nzima ilikuwa imepungua.

"Mafuta yanayeyuka, wifi!" alimwambia mke wa kaka yake, aliyefuatana naye.

Mara kizunguzungu kikamshika, akaketi. Mwalimu wa mazoezi akamfungulia suti na mkanda, akampa maji. Akanywa polepole chupa mbili za nusu lita, kisha kwa ubishi wake akarudi kwenye mizani. Kilo ilikuwa imerudi yote.

"Jasho ni maji, dada," mwalimu alisema kwa upole. "Linapoza mwili, si mafuta yanayotoka. Ukijifunga hivyo, joto litakuangusha."

"Kumbe nilikuwa najichemsha bure!" Wakacheka hadi wifi akashika mbavu.

Kesho yake alikuja na fulana nyepesi. Kwa kuwa sasa alipumua vizuri, alikanyaga muda mrefu kuliko jana, akashuka akiimba.