Nuksi ya Saa Nane

Ofisini walimwita Mama Nyaya, naye akaitika. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa zuri zaidi, lakini halikuwahi kumrudishia mtu intaneti. Kwenye mkoba wake bisibisi ililala pamoja na rangi ya mdomo, na siku za haraka aliwahi kuichomoa isiyo yenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mwenye imani thabiti kwamba binadamu akikwambia "sijagusa kitu" amegusa vitu viwili.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Iliwanunulia watu fedha za kigeni: mzazi anayelipia chuo cha mwanawe ng'ambo, mfanyabiashara anayengoja vipuri. Mteja akishakubali bei, dili, ndivyo walivyomwita mnunuzi wa fedha pale, hutuma ombi kwa mtandao kwenye soko la fedha, na ombi hilo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri ambao seva pekee huujua. Soko likiridhika, fedha zinanunuliwa kwa bei ileile. Likikataa, bei inasogea, na mteja anaanza kuuliza maswali kwa sauti ya juu.

Madili walikuwa wawili. Zamu ya asubuhi alikaa msichana mwepesi wa vidole na wa ulimi. Kuanzia saa nane mchana alikaa Mjomba, aliyeingia kazi hii enzi ambazo bei zilipigiwa kelele kwenye simu. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa tu na umbo la mjomba: shati lililonyooshwa, kikohozi cha heshima, na mzaha uliochelewa nusu dakika.

Miezi mitatu nyuma Mjomba alikuwa ameomba kuhamia zamu ya mchana, ili asubuhi ampeleke mkewe kliniki. Tangu hapo maombi yake yakaanza kukataliwa. Si yote. Yale ya mwanzo wa zamu tu, wakati benchi la wateja limejaa walioshiba. Skrini iliandika maneno mawili, "Sahihi imekataliwa," na baada ya muda, bila mtu kufanya lolote la maana, mambo yakanyooka.

Bosi alibadilisha ufunguo wa siri mara mbili. Akaamuru seva izimwe na kuwashwa, ikapona, akajiona mganga. Kesho yake saa nane ikaugua tena.

"Mjomba, labda una mkono mzito," yule msichana alisema akikusanya vitu vyake. "Mwenzako tangu asubuhi sijakataliwa hata na mchumba."

"Huyo mchumba hajakuona ukila," Mjomba alijibu, lakini hakucheka.

Aliitwa Mama Nyaya kila mara. Tatizo ni kwamba yeye chakula cha mchana alikula kwake, mtaa wa pili, na alirudi saa nane u nusu. Akifika, ugonjwa umekwisha. Aliangalia mtandao, mzima. Aliangalia ufunguo, mzima. Aliangalia hata saa ya seva, maana alijua masoko haya yana wivu na saa, akakuta iko sawa na dunia. Alijisikia kama daktari aliyeletewa mtoto ambaye homa yake hushuka mlangoni.

Kuna jambo baya kuliko kushukiwa na watu, nalo ni kukubaliana nao. Mjomba alianza kusita. Aliandika kiasi, akakisoma, akakifuta, akakiandika tena. Siku moja Mama Nyaya alimkuta ananawa mikono kabla ya kugusa kibodi.

"Mjomba, hilo halisaidii."

"Najua, mwanangu. Ila halidhuru."

Alhamisi Bosi alimwita Mjomba. Bosi alikuwa kijana mwenye adabu: alimwamkia shikamoo, akapokea marahaba yake, ndipo akamwarifu kwamba kuanzia Jumatatu atakaa mapokezi, agawe namba za foleni. Mshahara utabaki uleule. Ni kazi nyepesi, alisema, ya kupumzisha mwili.

Mjomba alitoka akasimama mbele ya mlango wa chumba cha seva. "Wameniweka mlangoni kama kitasa," alisema. "Na sijui nimekosea wapi. Ningejua, ningelala."

Maneno hayo yangetosha kumnyima Mama Nyaya hamu ya kula. Lakini sababu iliyomzuia kwenda nyumbani mchana wa Ijumaa haikuwa hiyo, na heri tuseme kweli. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa siku tatu, na hii ilikuwa wiki ya pili. Alibeba chakula kwenye kopo, akajifungia na seva.

Chumba kilikuwa kabati lililopandishwa cheo. Ndani yake kulikuwa na kompyuta moja kubwa ya chuma, na ndani ya hiyo, kwa ufundi wa programu, mliishi nyingine tatu za kufikirika, kila moja ikiamini iko peke yake duniani. Mmoja wa wapangaji hao ndiye aliyetia sahihi maombi. Mama Nyaya aliweka simu yake kando ya skrini, akawa anakula huku akitazama kumbukumbu za seva zikishuka mstari kwa mstari, kila mstari na saa yake mbele.

Saa nane kasoro dakika mbili mistari ikasimama. Hakushtuka. Ulikuwa wakati wa nakala ya akiba, kazi aliyoipanga mwenyewe miezi mitatu nyuma, baada ya diski moja kufa na kuwatia wote jasho. Aliipanga mchana kwa sababu usiku Bosi, adui wa bili za umeme, huzima kila kitu. Na mchana huo watu wako mezani, hakuna anayesumbuliwa. Programu ya nakala humgandisha mpangaji kidogo, ikamnakili akiwa ametulia, kisha ikamwachia.

Alitafuna. Akameza. Akachota tena. Mistari ikaendelea kushuka.

Hapo kijiko kikasimama njiani. Ule mstari wa kwanza baada ya kimya ulibeba saa iliyofuata moja kwa moja ule wa mwisho kabla ya kimya, sekunde moja tu baadaye. Yeye alikuwa amemeza matonge mawili mazima katika sekunde hiyo. Alitazama simu. Saa ya simu ilikuwa imeitangulia ya seva kwa zaidi ya sekunde ishirini.

"Kumbe ulizimia," aliiambia mashine. "Ukaamka, ukadhani bado ni palepale."

Aliacha kopo wazi, akaenda kwa Mjomba, aliyekuwa ndiyo kwanza anakaa.

"Tuma ombi dogo la ofisi."

"Wacha ninawe..."

"Tuma na uchafu wako, Mjomba."

Sahihi imekataliwa. Safari hii Mama Nyaya hakusoma maneno ya programu yao. Mwandishi wake, aliyekwisha kuhama kazi, alikuwa mtu wa mkato: kila kosa linalohusu sahihi alilitupa kapu moja. Mama Nyaya alifungua jibu ghafi lililotoka sokoni kwenyewe, nalo halikulalamikia ufunguo hata kidogo. Lilisema: muda ulioandikwa kwenye ombi umepita kiasi kinachoruhusiwa.

Hakuigusa saa. Alikwenda kumwita Bosi, akamwomba akae kwenye kiti cha Mjomba.

"Mimi?"

"Wewe, mkubwa. Tuma."

Bosi alituma kwa kidole kimoja, kwa namna ya mtu anayeonyesha watoto. Sahihi imekataliwa. Akatuma tena, akibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba soko lilikuwa kiziwi. Sahihi imekataliwa.

Benchi la wateja likakohoa. Mjomba akainama, akasema kwa upole uliokomaa, "Pole, mkubwa. Mapokezi kuna kiti."

Mama Nyaya alirudi kabatini, akailazimisha seva iulize saa upya kwenye mtandao, akarejea. "Sasa Mjomba."

Mjomba alituma. Limekubaliwa. Akatuma la mteja wa kwanza benchini. Limekubaliwa.

"Nieleze kama mtu asiyejua," alisema Bosi, ambaye hakuhitaji kuigiza.

"Kila ombi linaandikwa muda wake, na muda huo unatiwa sahihi pamoja na kiasi. Soko linapima. Likikuta ombi lina zaidi ya sekunde tano, linalitupa, hata kama sahihi ni safi. Bila hivyo, mwizi angeweza kudaka ombi letu la leo, akalituma tena kesho, na sahihi yetu ingemtetea. Sasa, nakala ya akiba inaigandisha seva. Ikiamka iko nyuma ya dunia, lakini haijui. Kwa hiyo maombi ya Mjomba yanazaliwa yakiwa mazee."

"Na inaponaje yenyewe?"

"Ina programu inayouliza saa sahihi, ila haiulizi kila mara. Wakati mwingine hupita nusu saa na ushei. Ikiuliza, inajirekebisha. Hapo ndipo mimi huwa nafika. Ukizima na kuwasha, inauliza palepale, ndiyo maana ilipona, nawe ukajiona mganga. Na asubuhi tunawasha upya, kwa hiyo binti yetu hapatwi."

Bosi alifikiri. "Hiyo nakala, nani aliipanga saa hiyo?"

"Mimi."

"Kwa hiyo nuksi ni wewe."

"Ndiyo," alisema Mama Nyaya. "Si yeye."

Hapo mtu mwingine angeomba radhi, lakini Bosi alikuwa na elimu ya juu ya uongozi. Alisema tu, "Rekebisha," akaenda ofisini kwake, akafunga mlango taratibu.

Mchana huo Mama Nyaya alirekebisha. Alibadilisha nakala ichukuliwe bila kumgandisha mpangaji, akaihamishia jioni baada ya kufunga, kabla umeme haujazimwa. Akaongeza kwamba seva ikiwa imesimamishwa kwa sababu yoyote, ikiamka iulize saa kabla ya kutia sahihi chochote. Mwisho akaifundisha programu kusema kosa lenyewe, kwa maneno ya soko.

Kuhusu Jumatatu hakuna aliyetamka neno. Mjomba alikaa Ijumaa yote iliyobaki akimtazama Bosi akipita, na Bosi akapita akitazama simu. Ofisi nyingi huendeshwa hivyo: hukumu hutolewa kwa mdomo na kufutwa kwa kusahau.

Jumatatu, saa nane kamili, Mama Nyaya alisimama mlangoni akijifanya anakagua waya. Mapokezi hapakuwa na mtu. Namba za foleni ziligawiwa na mlinzi, kama siku zote. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, shati limenyooshwa, mbele yake mama anayelipia chuo cha mwanawe. Aliandika kiasi. Mama Nyaya aliona mkono ukienda kwenye kitufe cha kufuta, ukasimama, ukarudi.

Akatuma.

"Tayari, mama," alimwambia mteja.

"Mara moja hivyo?" mama yule alisema. "Mbona nilisikia mchana hapa kuna foleni?"

Mjomba alikohoa kikohozi chake cha heshima. "Ilikuwepo," alisema, na akamwita anayefuata.