Barua ya Baba kwa Ofisi ya Kodi

Binti alikuwa mbele ya ofisa wa kodi, akisubiri jibu la barua ya baba yake, kaka yake alipompigia simu. "Dada, Mungu amempumzisha baba."

Machozi yalimtiririka, lakini hakuondoka. Mzee, mgawa barua mstaafu, alikuwa ameandika: "Sikatai kulipa. Naomba mnieleze mlivyojumlisha pensheni, pango na riba katika makadirio yangu."

Ofisa alipekua jalada. "Pole sana, dada. Benki ilishakata kodi kwenye riba, nasi hatukuiondoa kodi hiyo kwenye deni. Mzee yuko sahihi. Tunarekebisha."

"Miaka thelathini hakukosea hata anwani moja," binti akasema, kichwa juu.

Kesho yake alasiri walimzika. Binti alitia udongo kaburini, akamwombea, akarudi nyumbani na kaka yake.