Asubuhi Mashine Zilipozimwa

Katika sehemu ya kufulia nguo ya hospitali, msimamizi aliitwa Mama Mvuke. Jina alipewa na wafanyakazi wake, kwa sababu alikaa na mitambo ya mvuke miaka mingi hata miwani yake ilikuwa na ukungu wa kudumu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Shuka likitoka na doa, yeye ndiye wa kwanza kuliona. Mtu akija na kinyongo kutoka nyumbani, vilevile.

Asubuhi hiyo simu yake ilipoita, hakusikia kitu kwa kelele za mashine. Akatoka hadi uwanja wa kuanikia, akaziba sikio moja kwa kiganja.

"Mimi ni kaka yake Chapuo," sauti ilisema. "Mama, ndugu yangu amefariki. Tumemkuta kitandani alfajiri."

Chapuo ndiye aliyechambua nguo chafu za wodini. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa hawezi kusukuma toroli bila kulipiga kama ngoma ya chapuo. Jana tu alikuwa amelalamika mguu unamuuma, akataniwa kwamba ni uzee unabisha hodi.

 Mama Mvuke akashika kamba ya kuanikia, nayo ikanesa naye. Alitoa pole, kisha akajikaza kuuliza. "Naruhusiwa kuwaambia wenzake? Niseme nini, na nini nisiseme?"

"Waambie amefariki. Sababu hatujui, madaktari wanauchunguza mwili. Ila mama yetu bado yuko njiani, hajaambiwa. Nakuomba habari isimtangulie kwenye simu."

Alimpigia mkuu wake wa idara. Mkuu akashusha pumzi, akasema labda wangoje jioni, kwani vyumba vya upasuaji vilihitaji mashuka.

"Bosi, huyu mtu ana majirani, na majirani wana midomo. Watu wangu wakiisikia barabarani hawataniamini tena. Nazima mashine. Tafadhali niletee mnasihi, na uniazimie mashuka ya akiba."

Mkuu akakubali. "Haya. Zima."

Hakuanza na wote. Alianza na Mjomba, mzee aliyechambua nguo pamoja na Chapuo meza moja, bega kwa bega, wakigombana kama wakewenza na kugawana chai kikombe kimoja. Alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akakaa naye upande mmoja wa meza. Njiani alikuwa amepanga maneno, yote yakamwishia.

"Mjomba, kuna habari mbaya. Chapuo... hatunaye tena."

"Ameacha kazi?" Mjomba akakunja uso. "Bila kuniaga? Mshenzi yule! Amepata wapi?"

Mama Mvuke aliona alichofanya. Maneno laini yalikuwa yamempeleka mzee njia isiyo sahihi. 

"Hapana. Chapuo amefariki, Mjomba. Amekufa nyumbani kwake, usiku wa kuamkia leo. Kaka yake amenipigia mwenyewe."

Mzee alimtazama kama mtu anayesubiri utani umalizike. Kisha akaikalia mikono yake. Mama Mvuke hakumwambia ajikaze. Alikaa tu. Baada ya muda akamuuliza kama angependa kuwapo wenzake wakiambiwa, au abaki pale na mtu.

"Nitakuwapo," alisema Mjomba. "Nikibaki hapa nitasikia yuko nje anapiga toroli."

Mashine zikazimwa. Sehemu ile haikuwa na desturi ya kunyamaza, na ukimya wenyewe uliwatisha watu kabla hata hawajaambiwa. Walisogea karibu karibu, wapiga pasi, wakunjaji, wa mashine, aproni zikiwa bado zinachuruzika.

"Nina habari ya huzuni," alisema Mama Mvuke. Safari hii hakuzunguka. "Mwenzetu Chapuo amefariki usiku wa kuamkia leo, nyumbani kwake. Sababu haijulikani bado. Mama yake hajaambiwa, kwa hiyo nawaomba kwa heshima ya mama huyo, msiandike kitu kwenye simu mpaka niwaambie."

Msichana wa pasi aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo, macho yamemtoka kwa hofu ya kicheko chake. Mama Mvuke akamshika mkono. "Hujakosea. Mshtuko hutoka popote unapopata mlango."

Ndipo mkunjaji mmoja akasema lile lililokuwa limekaa kwenye koo za wote. "Mama, ni yale mashuka ya wodi ya wagonjwa waliotengwa? Jana yeye ndiye aliyefungua ile mifuko. Na sisi je? Mimi nina mtoto mchanga nyumbani."

Watu wakaanza kujitazama mikono. Mmoja akavua glovu na kuzitupa chini kama zimemuuma. Mama Mvuke naye akakumbuka: jana alimsaidia Chapuo kufunga mfuko mmoja uliokuwa unafunguka. Ilikuwa rahisi sana kusema "hapana, tulieni." Ulimi ulishauanza uongo huo.

"Sijui," alisema. "Naogopa kama ninyi, kwa sababu na mimi niliushika mfuko. Siwezi kuwadanganya, na sitabuni. Ninachoweza ni hiki: meza ya kuchambua imefungwa kuanzia sasa. Hakuna atakayeigusa mpaka muuguzi wa kuzuia maambukizi aje, na maswali yenu yote mtamuuliza yeye."

Muuguzi alikuja. Alikagua mifuko, glovu, sabuni na joto la maji. Akaeleza kwamba hakuna mgonjwa wa wodi ile aliyekuwa na ugonjwa wa kuua mtu usiku mmoja, na kwamba asiyejisikia vizuri aende kliniki ya wafanyakazi siku ileile. Hofu ilipungua, haikuisha. Mkunjaji alikwenda kunawa tena na tena hadi ngozi ikamchubuka. Mama Mvuke alimruhusu aende kwa mtoto wake, akahakikisha hatoki peke yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu na sauti. Aliyekuwa likizo alipigiwa simu, akaulizwa kwanza kama amekaa na kama kuna mtu karibu. Wa zamu ya mchana Mama Mvuke aliwasubiri getini, akawaambia kabla hawajavaa aproni. Kaka yake Chapuo alipompigia kwamba mama ameshafika na ameambiwa, ndipo akawaruhusu watu kuzungumza.

Siku ya mazishi walikwenda wengi, na wenzao wa idara nyingine wakashika zamu. Mnasihi alikuwa akikaa chumba cha pembeni. Siku za kwanza kiti chake cha wageni kilikaa kitupu, maana kila mtu alisema hana shida. Mama Mvuke hakumlazimisha mtu. Alipita kwa kila mmoja, akauliza amelalaje, akangoja jibu la pili, kwa sababu la kwanza huwa "salama tu." Mtu wa stoo alipokuja kuchukua buti za Chapuo, alimrudisha. "Tutakuita wenyewe."

Baadaye familia ikaleta jibu na ruhusa ya kulisema: donge la damu lilitoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu. Halikuwa kosa la mfuko wala shuka. Watu walishusha pumzi, kisha wakaona haya kwa kushusha pumzi.

Mjomba alikuwa amehamishiwa pasi kwa ombi lake. Siku moja alimjia msimamizi ofisini, amekunja suruali.

"Kila usiku naibonyeza miguu hii, Mama. Nikisikia maumivu, najua zamu yangu imefika. Na mimi ndiye niliyemcheka."

"Sote tulicheka. Hakuna aliyejua." Akavua miwani. "Mimi usingizi umenihama pia. Kesho nimeomba nafasi kwa mnasihi, na kliniki nitakwenda. Twende wote?"

Mzee alifikiri. "Nitakaa nje nikusubiri."

"Kaa nje. Ubao wa mlango wake ni mwembamba, utasikia yote."

Mjomba akacheka kidogo, akajifuta pua kwa kiganja, akaikunjua suruali yake mguu mmoja baada ya mwingine.