Nambari Kumi na Moja

Kiwanda chetu cha juisi pale Pongwe kilipotafuta msimamizi wa ghala, mkuu wa rasilimali watu, ambaye sote tunamwita Madamu, aliniambia kuwa safari hii watakaotoa alama hawataona jina, picha wala umri wa mwombaji. Vigezo vilishakubaliwa kabla bahasha hazijafunguliwa: awe ameendesha ghala miaka mitano au zaidi, ajue kutunza hesabu ya mzigo kwenye kompyuta, awe amesimamia watu. Mimi, mwenye mkataba mfupi na shahada mpya, ndiye ningeyaficha hayo. Na kwa kuwa ningewajua waombaji wote, nisingetoa alama hata moja.

Nilianza kwa kufuta majina kwa kalamu nyeusi. Nikainua karatasi dirishani, jina likasomeka vizuri tu. Nikaamua kuchapa upya kila wasifu na kuupa nambari.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kazi ambayo hakuna aliyeituma. Anwani ya barua pepe ilikuwa na jina na mwaka wa kuzaliwa. Nikaondoa. Mwaka wa kumaliza kidato cha nne unamwambia mtu umri wako, basi nikabakiza cheti nikaondoa mwaka. Mmoja alikuwa katibu wa kwaya, mwingine mweka hazina wa madrasa. Nikaandika "uongozi katika jamii" kwa wote wawili. Kisha nikafika kwa nambari kumi na moja, aliyeandika kuwa ameendesha maghala miaka ishirini na sita. Hata mtoto angepiga hesabu. Nilikaa na sentensi ile mpaka chai ikapoa. Mwishowe, kwa kuwa kigezo kilitaka mitano tu, kila aliyeivuka nikamwandikia "mitano au zaidi".

Madamu na meneja wa uzalishaji walitoa alama kila mtu peke yake. Meneja, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akipita mezani kwangu kubahatisha.

"Huyu kumi na moja ni Mbondei wa Muheza. Kijana mkali, sivyo?"

"Siwezi kusema, kaka."

"Basi kohoa."

Sikukohoa. Nilikuwa na mafua siku zile, kwa hiyo ilinigharimu.

Alama zilipofungwa, kumi na moja akaongoza. Ndipo Madamu akaniomba majina na simu za watano wa juu tu, tukawaita kwenye usaili, nami nikakaa kuandika majibu.

Kumi na moja aliingia na baibui jeusi na miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni. Angeweza kuwa mama yangu mkubwa. Sote watatu tuliinuka kama darasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni."

Tukakaa. Ilichukua muda Madamu kukumbuka kuwa maswali ni yetu.

Alijibu bila haraka. Alisema mzigo unaoingia kwanza hutoka kwanza, isipokuwa chungwa lililopigwa na jua, hilo linatoka sasa hivi. Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Mwaka jana pia nilileta maombi hapa. Sikuitwa. Mwaka huu mmeniita, nikasema labda mmenisoma."

Alipotoka, meneja alinigeukia. "Umetuficha."

"Ndiyo," nikasema, maana ndiyo kazi niliyotumwa.

"Mama wa watu yule. Nitamwagizaje kazi mtu ninayemwamkia?"

Nilihisi mkataba wangu ukinitoka mwilini. Nilipanga kunyamaza. Nilijiona nimenyamaza kabisa, kisha nikajisikia nikisema, "Mama wa jikoni tunamwamkia kila asubuhi. Halafu tunamwambia chai isiwe na sukari."

Nikaanza kufikiria nauli ya kurudi kwetu.

Madamu akamsukumia fomu ya alama za usaili. "Hicho cha kuamkia ni kigezo cha ngapi? Kama kipo, mpunguzie alama hapo."

Meneja aliisoma fomu kutoka juu hadi chini, akaigeuza, nyuma ilikuwa tupu. Akatoa alama kwa vigezo vilivyokuwepo. Alikuwa mtu wa haki, alichukia tu kulazimishwa kuwa hivyo mbele yangu.

Mama alipata kazi. Wiki yake ya kwanza nilikuwa ghalani naye, namfungulia akaunti ya kompyuta, nikiwaza kama nimemwita mahali ambapo hatakubalika. Meneja akatokea mlangoni, akasimama kidogo nje, akavuta pumzi.

"Shikamoo mama. Naomba mzigo wa Muheza uingizwe kabla ya saa sita."

"Marahaba baba. Nusu yake imeoza, nimeukataa. Mwambie mwenye gari aje tuzungumze."

Meneja alinitazama, kana kwamba hilo nalo nilikuwa nimelificha. Kisha akaenda kumwambia mwenye gari.