Dini ya Tatu ya Elpidius

Nimekuwa karani wa baraza la Nyabiyonza miaka kumi na moja. Nimeandika kesi za wezi wa ng'ombe na wachawi wa kusingiziwa, lakini mtu ninayemdharau kuliko wote ni Elpidius. Mwizi wa ng'ombe angalau hutembea usiku kwa miguu yake mwenyewe.

Elpidius alilelewa kwa mjomba wake, akabatizwa na mapadre akitumaini kazi ya ukatekista. Walipomnyima, akahamia kwa Walutheri. Huko akaimba tenzi miaka minne, nako hakupewa kitu. Kulima hakupenda. Baba yake, Mzee Isa Kahigi, alikuwa Mwislamu tangu siku za wafanyabiashara Waarabu wa Kafuro, na mkewe Kokuhirwa vilevile, na mwana wao mkubwa Twaha Byarugaba. Twaha ndiye aliyefanya kazi. Alinunua shamba kwa jasho lake, si kibanja cha ukoo, akapanda mibuni mia tano na arobaini. Mwaka wa 1938 homa ikamchukua, akaacha mjane, Kyarisiima, na mabinti wawili wadogo.

Matanga hayajaisha, Elpidius akaja barazani kudai shamba lote kwa mila: marehemu hana mtoto wa kiume, na yeye ni ndugu. Tena akasema yuko tayari kumrithi na mjane. Kyarisiima alisimama, na sauti haikumtetemeka.

"Mume wangu alinioa kwa nikaha, alifunga, na amezikwa na Waislamu wenzake. Mnihukumu kwa sheria yake."

Mashahidi wakaulizwa, wakathibitisha. Wazee wakaamua kwamba mtu aliyeishi Kiislamu, kwa mali aliyoinunua mwenyewe, atarithiwa Kiislamu. Wakamwita mwalimu kutoka Kafuro aje agawe, kesi ikaahirishwa wiki tatu.

Hapo ndipo Elpidius alipojidhihirisha. Mlevi mmoja wa kilabuni alimnong'oneza kwamba kwa Waislamu mafungu yakishatolewa, kinachobaki huchukuliwa na ndugu wa kiume. Basi! Siku ya pili akasilimu, akajiita Idirisa. Siku ya tano akaenda kwa ngariba. Mtu wa miaka thelathini na sita, katika nchi ambayo babu zake hawakuijua tohara! Kesi ilipoitwa tena, aliingia akiwa amejifunga kikoi, akitembea miguu imepanuka, akakaa ubavu. Nilicheka waziwazi na mkuu wa baraza hakunikemea.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mwislamu sasa," akasema.

"Marahaba. Ndugu yako alikufa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na siku hiyo ulikuwa nani?"

Mwalimu akaeleza taratibu kwamba asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na kinachotazamwa ni siku ya kifo, si siku ya kesi. Kisha akageukia mali. Gharama za maziko na madeni yalikwisha kulipwa. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane, mabinti wawili theluthi mbili, baba sudusi, yaani moja ya sita, mama sudusi. Ukiigawa mali mafungu ishirini na nne, haki zao zinafika mafungu ishirini na saba. Mali haitoshi, kwa hiyo hugawanywa kwa ishirini na saba, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri yake. Mjane matatu, mabinti kumi na sita, baba manne, mama manne. Kila fungu mibuni ishirini.

"Na kinachobaki?" akauliza Elpidius.

"Hakuna kinachobaki. Na hata ungekuwa Mwislamu tangu kuzaliwa, baba akiwapo ndugu hapati kitu."

Yule mpumbavu akafikiri. Nilimwona akifikiri, nami nikaona aibu kwa niaba yake. Akamtazama baba yake aliyeketi hatua tatu tu kutoka kwake, akauliza mbele ya baraza zima:

"Na kama mzee angekuwa amekwisha kufa?"

Kokuhirwa akajifunika uso kwa kanga. Mwalimu akamjibu: "Angetangulia kufa kabla ya Twaha, na wewe ukawa Mwislamu siku hiyo, ungepata fungu moja katika ishirini na nne."

Mzee Kahigi akainuka kwa fimbo yake.

"Karani, andika. Mafungu yangu manne nawapa wajukuu zangu wawili leo, nikiwa hai na akili zangu. Wazee waende jioni hii wawaonyeshe miti yao mbele ya mama yao."

Nikaandika, akatia dole gumba.

"Na mimi, baba?" Elpidius aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Wewe umepata dini, Idirisa," mzee akasema. "Nenda nayo."